Ukitaka kuisikia besi, sikiliza pale inaponyamaza

Nyie mnaoanza kupiga besi au kutengeneza biti, kosa nililofanya mimi mwaka mzima ni kufanyia mazoezi kwenye spika ya simu. Waya mnene kabisa wa gita la besi ukipigwa wazi unatoa kama hezi 41, na kaspika ka simu huko chini hakafiki kabisa. Unachosikia ni vile visauti vya juu vinavyotoka pamoja na noti, sikio linajazia lenyewe hiyo sehemu ya chini, kwa hiyo unadhani umeisikia besi kumbe umeibahatisha. Vaa hedfoni, hata za kawaida tu.

Ukishavaa, kosa la pili linakuja: watu wanashika kiki ya dramu wanasema hii ndo besi. Kuzitofautisha ni rahisi, jaribu kuimba unachosikia. Kiki inabaki "du du du" palepale, haipandi haishuki. Besi inatembea, inapanda inashuka, na kodi ikibadilika nayo mara nyingi inahama. Ila kwenye ngoma za siku hizi zenye ile besi ya 808 kipimo hiki kinagoma, maana kiki na besi huwa zimeunganishwa kuwa sauti moja, usianzie huko.

Anzia Stand by Me ya Ben E. King, ya 1961. Nimeichagua kwa sababu besi inaingia mwanzoni kabisa ikiwa karibu peke yake, mwimbaji bado kabisa. Mzunguko wake ni ba nane: A ba mbili, F#m ba mbili, D moja, E moja, afu inarudi A ba mbili. Imba hiyo besi kwa mdomo, na kama koo lako halifiki chini imba oktava moja juu, hamna shida, noti ni zilezile. Sasa kazi inaanza pale mwimbaji anapoingia, maana sikio litakimbilia kwake moja kwa moja. Wewe endelea kuimba besi. Ukijikuta unaimba maneno ya wimbo ujue umeipoteza, rudisha mwanzo. Mi ilinichukua siku kadhaa kufika mwisho bila kudondoka, hasa vaiolini zinapoingia.

Kama ngoma nyingine imejaa vitu mpaka besi haishikiki, ifungue kwenye Audacity, nenda kwenye Change Pitch, ipandishe nusu toni 12, yani oktava nzima. Waimbaji watakuwa kama vikatuni ila besi itapanda mpaka pale sikio linapojua kutofautisha noti.

Sasa gruvu. Nilipoingia bendi noti zangu zote zilikuwa sahihi na bado kiongozi alikuwa ananiambia kila siku "unaburuta". Nikaapa naenda na biti, na kweli nilikuwa nagonga kwa wakati. Nikarekodi mazoezi nikasikiliza nyumbani, kumbe tatizo halikuwa ninapoanza, lilikuwa ninapoishia. Noti yangu ya kwanza nilikuwa naiacha inalia mpaka inaifunika sneya.

Jaribu mwenyewe hapo ulipo. Hesabu moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na taratibu, mguu ugonge kwenye moja na tatu kama kiki, makofi yaende kwenye mbili na nne kama sneya. Mdomo uwe besi, uingie kwenye moja, kisha kwenye "na" inayofuata mbili, basi. Raundi ya kwanza vuta: "duuuuum" mpaka kofi likukute bado unalia. Raundi ya pili kata: "dum", unyamaze kabla ya kofi. Noti ni zilezile, mwendo uleule, ila hiyo ya pili kofi linadondokea kwenye ukimya, linasikika kali, na ile "dum" inayofuata inakuwa kama inakusukuma kwa nyuma. Kichwa kitaanza kutikisika chenyewe. Ile ya kuvuta siyo mbaya, nyimbo za polepole zinaitaka, ila ukiiweka kwenye ngoma ya kucheza watu wanaona uzito bila kujua unatoka wapi.

Kwenye gita lenyewe kukata ni kulegeza kidole cha mkono wa kushoto (kama unapigia kulia) bila kukiinua kwenye waya, ukikiinua kabisa waya wazi utaanza kulia na utaharibu zaidi. Kwenye kompyuta ni kufupisha tu ile noti, ivute mwisho wake urudi nyuma kidogo kidogo huku ngoma inazunguka. Mi huwa naanza na noti iliyo kabla ya sneya, zingine naziacha kwanza, na mara nyingi hata sihitaji kuzigusa.