Dantie mpya ikikuchoma, mwambie dantiste inachoma wakati gani

Nawajua watu kadhaa hapa Bukavu ambao dantie zao, yaani meno ya bandia ya kuvua na kuvaa, zinakaa kabatini. Zimefungwa kwenye kitambaa, zinatolewa siku ya harusi na siku ya kupiga picha. Ukiwauliza sababu, jibu ni lile lile: "Zilinichoma." Yangu pia ilinichoma, ya juu na ya chini, maana sina hata jino moja langu lililobaki. Ila mimi nilirudi kwa dantiste, na nikafundishwa namna ya kurudi, kwa sababu kuna kurudi kunakosaidia na kuna kurudi kwa bure. Hilo ndilo nataka kulieleza kwa kirefu. Usafi na mambo ya usiku nitayafikia.

Ya juu haikunisumbua sana. Inafunika kaakaa lote, mate yanaifanya inate, inatulia. Yenye kesi ni ya chini. Imekalia ukingo mwembamba wa ufizi, ulimi unaisukuma upande huu, shavu upande ule, na kila ukimeza, nyama za chini ya ulimi zinapanda na kuiinua. Dantiste anapochukua kipimo anakuambia uchezeshe ulimi na midomo, lakini hawezi kuyapata yote mtu anayoyafanya kwa siku nzima: kucheka, kupiga miayo, kuita watoto walioko barabarani. Kwa hiyo mchubuko siku za kwanza ni jambo la kutarajia, hata kama aliyekutengenezea ni fundi hodari. Dantie ya namna hii haimaliziki siku unapokabidhiwa. Inamaliziwa mdomoni mwako, kwa kupunguzwa kidogo kidogo, na ndiyo maana dantiste mzuri anakupa tarehe ya kurudi siku hiyo hiyo anapokupa meno.

Kidonda changu cha kwanza kilitokea upande wa kushoto, ndani, nyuma kabisa chini ya ulimi, usawa wa pale magego yalipokuwa. Kutafuna bugali na sombe hakukuwa shida. Kumeza ndiko kulikonitoa machozi, hata kumeza mate tu. Nilipofika, dantiste, kijana ambaye ningeweza kumzaa, hakuanza kwa kuangalia dantie. Aliuliza:

"Mama, inauma wakati gani? Ukitafuna, ukimeza, au ukivuta mdomo?"

Nilidhani ni swali la kunituliza. Kumbe jibu lake linamwonyesha mahali pa kutafuta. Ikiuma unapomeza, mara nyingi ukingo wa ndani wa dantie ya chini, kule nyuma, ni mrefu kupita kiasi, na nyama zinapopanda zinakutana nao. Ikiuma unapocheka au ukivuta mdomo wa juu, angalia ule uzi wa nyama unaounganisha mdomo na ufizi katikati. Dantie huwa na kijipengo kilichochongwa ili uzi huo upite, na kikiwa kifupi au chembamba, uzi unakatwa. Ikiuma unapotafuna tu, na kidonda kiko juu kabisa ya ufizi wala si pembeni, huenda kuna kijinundu upande wa ndani wa dantie, au meno ya juu na ya chini hayakutani sawa: upande mmoja unatangulia kugusa na uzito wote unaangukia hapo.

Baada ya hapo nikaona kazi yenyewe. Alikausha kidonda kwa pamba, akakigusa kwa kalamu ya rangi inayoshika kwenye nyama mbichi, akairudisha dantie na kuibana kwa vidole. Alipoitoa, doa la rangi lilikuwa limehamia kwenye plastiki, pale pale panapochoma. Alisaga hapo tu, kiasi kidogo sana, akapalainisha, akanivisha tena na kunipa maji ya kunywa ili nimeze mbele yake. Nikameza bila kukunja uso.

Umeona sasa kwa nini kidonda lazima kiwepo siku hiyo. Mtu akiumia, anaivua dantie, anakaa bila meno mpaka siku ya kurudi, na ufizi unapona. Akifika hakuna kitu cha kuonyesha. Dantiste atasaga kwa kubahatisha au atasema mambo yote ni sawa, na ukivaa tena kidonda kinarudi mahali pale pale. Mashariti niliyopewa yalikuwa mepesi. Ukiumia sana, ivue upumzike, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi moja. Lakini siku moja kabla ya kwenda, irudishe mdomoni na ule nayo kidogo. Kama maumivu hayavumiliki, basi angalau saa chache kabla ya kuonana naye. Uende unaumia, lakini aone.

Kidonda cha pili kilikuja baadaye, juu ya ufizi wa kulia, nikitafuna tu. Safari hii hakutumia kalamu. Alinipa karatasi nyembamba ya rangi niiume mara kadhaa, na meno ya kulia yakabaki na alama nzito kuliko ya kushoto. Akayapunguza juu, si upande wa ndani. Angesaga ndani pale penye kidonda, angeongeza nafasi isiyotakiwa, na ubovu wenyewe ungebaki. Hapo ndipo nilipoacha kabisa kuwasikiliza majirani wenye ushauri wa tupa na msasa. Plastiki iliyosagwa hairudi, na dantie iliyosagwa nyumbani huanza kucheza. Ikicheza inachubua mahali pengine.

Msiweke asipirini iliyopondwa juu ya kidonda. Najua wazee wetu walifanya hivyo kwa jino linalouma, lakini inaunguza nyama ya mdomo na unabaki na vidonda viwili. Kusukutua kwa kanyanga ni hivyo hivyo. Na gundi ya dantie inayouzwa kwenye farmasi si dawa ya kidonda. Inaficha tu kwamba dantie haikai vizuri.

Kidonda cha dantie, chanzo kikiondolewa, huanza kutulia ndani ya siku chache. Kikipita wiki mbili bila kupona, wakati dantie imepunguzwa au umeivua, usiendelee kuilaumu dantie. Nenda kiangaliwe, hasa kikiwa na kingo ngumu, kikitoa damu au kikiota kinundu, na hata kama hakiumi. Saratani ya mdomo inaweza kuanza kimya hivyo, na mtu anayevaa dantie ana kisingizio cha kuipuuza.

Chakula kina sehemu yake humu. Kwa wiki za mwanzo nilikata kila kitu vipande vidogo na kutafuna pande zote mbili kwa pamoja, kwa sababu ukitafuna upande mmoja dantie inainuka upande mwingine kama ubao wa bembea. Kuuma kwa meno ya mbele, kama vile hindi la kuchoma, huinua sehemu ya nyuma. Sambaza za kukaanga nazipenda kuliko nyama yoyote, lakini kijifupa kimoja kikiingia chini ya dantie ya chini utadhani umepata kidonda kipya. Kabla hujalalamika, ivue na uioshe.

Kuosha kwenyewe hakuna siri. Baada ya kula naitoa na kuisuuza, na jioni naisugua vizuri kwa brosi laini na sabuni ya maji ya vyombo, nje na ndani. Nasema ndani kwa sababu watu wengi husugua meno yanayoonekana na kusahau upande unaolala kwenye ufizi, na uchafu wenye madhara uko huko. Dawa ya meno ya kawaida niliiacha. Ina chembe zinazokwaruza plastiki, na kwenye mikwaruzo ndipo uchafu unapojishikiza. Majivu na mchanga, ambavyo sufuria zetu zimevizoea, vinakwaruza zaidi. Maji ya moto ni marufuku, kwa sababu yanaweza kuipinda, na dantie iliyopinda hakuna wa kuinyoosha. Javeli mimi siitumii. Kama dantiste wako amekuruhusu, fuata kipimo chake, isizidi dakika 10, suuza sana, na kama dantie ina chuma usijaribu.

Naosha juu ya beseni lenye maji, au nikiwa nimetandika taulo. Sakafu yetu ni sementi, na dantie yenye sabuni inateleza. Mabomba yakikauka natumia maji ya bidoni, beseni moja dogo linatosha. Ufizi, kaakaa na ulimi navyo navisugua kwa brosi nyingine laini au kitambaa safi chenye maji.

Usiku naivua. Hili ndilo linalowashinda watu, na sababu si uvivu, ni aibu. Mama mmoja wa rika langu aliniambia mume wake hajawahi kumwona bila meno na hatamwona. Simcheki. Lakini ufizi unaobanwa mchana na usiku haupumziki, mate yanapungua ukilala, na kuvu wa mdomoni hupenda hali hiyo. Mimi nazima taa kwanza, kisha natoa. Asiyeweza hata hivyo, aivue saa kadhaa mchana akiwa peke yake. Waliowekewa dantie siku ile ile ya kung'olewa meno wana utaratibu tofauti: kwa kawaida huambiwa wasiivue siku ya kwanza, kwa sababu ufizi huvimba na dantie inaweza kukataa kurudi. Wao wafuate walichoambiwa.

Ikishatoka na kuoshwa, inaingia kwenye bokali lenye mfuniko, maji safi ya baridi yanayoifunika yote. Ikikaa kavu plastiki inapoteza maji iliyofyonza na inaweza kubadilika umbo kidogo, kiasi cha kukuchoma tena asubuhi. Maji nayamwaga kila asubuhi, sitii mengine juu ya yale ya jana. Mfuniko ni kwa ajili ya mende na wajukuu. Na tusiizungushie karatasi laini juu ya meza, kwa sababu anayefagia asubuhi ataitupa akidhani ni taka.

Mara moja moja simama penye mwanga, vua ile ya juu, angalia kaakaa kwenye kioo. Likiwa jekundu na wekundu huo unafuata umbo la dantie, huyo mara nyingi ni kuvu, na kwa kawaida hauumi, ndiyo maana watu hukaa nao miaka. Dantiste atakupa dawa ya kuvu, lakini mwambie akuonyeshe pia namna ya kuisafisha dantie yenyewe kipindi hicho, na ulale bila kuivaa. Ukitibu kaakaa peke yake, kuvu waliojificha kwenye plastiki wanarudi humo humo.