Kabla ya kununua diski, hesabu mita ya LUKU

Mwezi wa kwanza wa seva yangu ya nyumbani hapa Uyole, Mbeya, aliyenishtua alikuwa mama watoto: "Baba, hizi uniti zinaliwa na nani?" Nilikuwa nimechukua dekstopu iliyostaafishwa ofisini, Core i5 ya kizazi cha tatu, nikaiwekea Debian na Samba ili runinga, simu na laptopu zisome muvi na picha kupitia ruta. Hiyo ni kazi ya jioni moja. Kilichonitoa jasho ni umeme, na hapo ndipo wengi mnaoanza mtakapokwama.

Huna haja ya kununua kipima wati. Itazame mita ya LUKU: ina kitaa kidogo kinachomweka, na pembeni kuna maandishi kama `1000 imp/kWh`. Maana yake kikimweka mara 1000, umekula uniti moja. Zima kila kitu ndani, kuanzia friji hadi chaja ya simu, uache kompyuta peke yake. Subiri imalize kuwaka na kutulia, kisha hesabu mimweko kwa nusu saa. Zidisha kwa mbili, hizo ndizo wati. (Kama mita yako imeandikwa 1600, jibu lako ligawe tena kwa 1.6.)

Nilikaa mbele ya mita na kikombe cha chai, koti nimefunga mpaka shingoni maana ilikuwa Julai na Julai ya huku mnaijua. Nilipata mimweko 36, yaani wati 72, na kompyuta haifanyi kazi yoyote. Saa 24 kwa siku 30 ni karibu uniti 52. Aliye kwenye D1, ile ya bei nafuu inayoishia uniti 75 kwa mwezi, anabakiwa na uniti 23 za taa, runinga na pasi. Zikizidi hapo, kila uniti ya ziada ni bei ya juu.

Nikaanza kuchomoa. Kadi ya grafiki ilitoka kwanza, kwa kuwa prosesa hiyo ina grafiki yake ndani na seva haihitaji skrini. Nikahesabu tena: 25, yaani wati 50. Kifaa kimoja tu! Kisha nikatoa kisoma DVD na diski mbili ndogo za zamani, mfumo nikauhamishia kwenye SSD, ikabaki diski moja kubwa ya mafaili. Hiyo niliiamuru ilale ikikaa nusu saa bila kuguswa:

```
sudo hdparm -S 241 /dev/sdb
```

Hakikisha `sdb` ndiyo diski ya mafaili kwako. Amri hii husahaulika kompyuta ikizimwa, kwa hiyo kwenye `/etc/hdparm.conf` andika pia hivi:

```
/dev/sdb {
    spindown_time = 241
}
```

 Mwisho nilipata mimweko 17, wati 34. Kama ulichonacho ni Pentium 4, usijisumbue. Prosesa zile zinakula umeme hata zikiwa zimekaa bure, na hakuna cha kuchomoa kitakachokuokoa.

Halafu nikajiuliza, saa nane mchana nani anaangalia katuni? Watoto wako shule. Nikaiweka izime saa tano usiku na kujiwasha saa kumi na moja na nusu jioni, kwa mstari huu kwenye `crontab` ya root:

```
0 23 * * * /usr/sbin/rtcwake -m off -s 66600
```

Hizo ni sekunde za saa 18 na nusu. Sasa inafanya kazi saa tano na nusu tu kwa siku, chini ya uniti sita kwa mwezi, bila kuhesabu kidogo kinachonyonywa ikiwa imezimwa.

Umeme ukakatika siku moja, ukarudi, seva ikagoma. Feni inazunguka, kwenye mtandao haipo. Nikaazima skrini kwa jirani, nikakuta imeandika `Press F1 to continue`. Betri ya ubao mama, ile ya duara CR2032, ilikuwa imekufa. Umeme ukikatika, saa na mipangilio yote ya BIOS inapotea, na mashine inasubiri mtu abonyeze kibodi ambayo haipo. Dalili ya mapema ni saa ya kompyuta kurudi miaka ya nyuma kila ukichomoa waya.

Nikabadilisha betri, nikaingia BIOS na kuweka `Restore on AC Power Loss` kuwa `Power On`, na `Halt On` kuwa `No Errors`. Majina hutofautiana kidogo kwa kila ubao. Kwa mpangilio huo, umeme ukirudi mchana seva itawaka na kukaa hadi saa tano usiku. Hasara hiyo naikubali, kwa sababu baadhi ya bodi zikikatiwa umeme zikiwa zimezimwa husahau miadi ya kujiwasha.

Jaribu mwenyewe kabla TANESCO hawajakujaribu: izime kwa amri, chomoa waya ukutani dakika tano, toa kibodi na skrini, rudisha waya. Mimi nilijua imepona niliposikia mwanangu sebuleni anapiga kelele kwamba katuni zimerudi.