Boda na hesabu za mizigo ya achari

"Nauza achari nyumbani Tabata. Jioni hela za boda na za mzigo hazikai sawa. Nifanyeje?"

Dada, usimruhusu boda akate nauli yake kwenye hela ya mteja. Hapo ndipo hesabu inapopotelea. Mteja alipie mzigo na nauli kwako kwa simu kabla boda hajaondoka, nawe umlipe boda mwenyewe jioni kwa kufuata daftari.

Kila mzigo uandikie mstari wake: jina, eneo, boda, saa ya kutoka, nauli uliyotoza, nauli ya boda, saa mteja aliyothibitisha kupokea. Mstari usio na hiyo saa ya mwisho usiulipe kabla hujampigia mteja.

Ushauri wa kutoza nauli moja kwa wateja wote uko sahihi nusu. Unafaa kwa mizigo inayopita njia moja tu. Tuseme una mzigo wa Mwenge na wa Mikocheni, boda anataka 7,000 kwa yote miwili. Toza 4,000 kila mteja, inabaki 1,000 ya boksi na gundi. Wa Mbagala, ambako ni njia nyingine, mpangie bei yake.

Chupa zifunge kwa selotepu kwenye kifuniko, gazeti katikati, kisha boksi lisilobaki na nafasi. Litikise: ukisikia chupa zikigongana, fungua ufunge upya.

Mteja asipopokea simu boda akiwa mlangoni, mimi hulipa nusu nauli ya kurudi. Wengine humdai mteja yote, na bado tunabishana.