Tiketi mbili, begi moja: Dar hadi Toronto kupitia Dubai

"Nimepata tiketi mbili za bei nafuu, Dar–Dubai na Dubai–Toronto, mashirika tofauti. Begi litafika lenyewe? Na usingizi je?"

Ndugu yangu, kabla hujalipa, simama kwanza. Tiketi zikiwa mbili, kila shirika linajua safari yake tu. Begi linaweza kuishia Dubai, nawe itabidi upite uhamiaji ukalichukue, kisha ulikabidhi upya. Kwa pasi ya Tanzania, kupita hapo kunataka viza ya Emirati. Ukichelewa, shirika la pili halikudai wala hulidai: kwao hukutokea tu.

Tiketi moja yenye safari zote mbili huondoa balaa hilo. Unabaki upande wa abiria wanaounganisha, begi linahamishwa bila wewe. Hata hivyo, pale kaunta ya Uwanja wa Nyerere soma lebo ya begi: mwisho iandikwe YYZ, ambayo ni Toronto. Ukiona DXB, yaani Dubai, peke yake, uliza papo hapo, kabla mkanda haujalimeza. Viza ya Kanada nayo wataikagua hapohapo Dar.

Usingizi: Toronto iko nyuma yetu kwa saa 7 kiangazi chao, 8 baridi. Kiangazi, saa mbili usiku kule, mwili wako uko saa tisa usiku. Jikaze nje kwenye mwanga wa jioni hadi saa tatu. Ukizinduka alfajiri usiwashe taa wala simu. Mwili husogea kama saa moja kwa siku, hivyo usipange usaili wiki hiyo ya kwanza.