Milioni 100 ambazo hazikuwahi kutosha: kukadiria ujenzi kwa kuchota namba

Kwa sehemu kubwa ya miaka yangu ya ukadiriaji majenzi nilifanya kazi kama nilivyofundishwa: kila kipengele kinapewa bei moja, bei zinajumlishwa, asilimia 5 inaongezwa chini kwa ajili ya dharura, na karatasi inasainiwa. Shule moja niliyoikadiria kwa njia hiyo ilikaa miezi saba ikiwa imepauliwa lakini haina sakafu wala milango, na mbuzi wa jirani wakawa wanalala darasani, kwa sababu fedha zilikwisha kabla ya jengo. Nilipopitia vitabu vya hesabu sikukuta wizi wala kosa la kuzidisha. Kila bei niliyoandika ilikuwa kweli ndiyo inayotokea mara nyingi. Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba ukijumlisha bei zinazotokea mara nyingi utapata jumla inayotokea mara nyingi.

Mradi uliofuata ulikuwa wa madarasa manne na ofisi ya walimu katika kijiji kimoja cha Morogoro, na safari hii nilikataa kuandika bei moja. Nilikaa na fundi mkuu chini ya mwembe nikamwuliza kuhusu msingi. Alijibu bila kusita, "Milioni kumi na nane." Badala ya kuandika, nikamwambia, "Fundi, nisimulie msingi uliokutesa kuliko yote." Akacheka, akaanza kueleza jinsi walivyokuta udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, wakalazimika kuchimba hadi kuupita, kisha kujaza moramu na kushindilia tabaka kwa tabaka. Msingi huo, kwa bei za sasa, ungefika milioni 30. Ndipo nikauliza upande wa nafuu, akasema hata mambo yakinyooka kabisa haiwezi kushuka chini ya 14. Ninashauri mpangilio huo wa maswali, balaa kwanza na nafuu baadaye, kwa sababu mtu akishataja bei yake ya kawaida huishikilia, na ukimwuliza "ya juu je?" atakuongezea milioni moja au mbili kwa heshima tu.

Tulipomaliza, jedwali lilikuwa hivi, kwa mamilioni ya shilingi:

| Kipengele | Chini | Kawaida | Juu |
|---|---|---|---|
| Msingi | 14 | 18 | 30 |
| Kuta na lenta | 20 | 24 | 32 |
| Paa | 22 | 26 | 38 |
| Lipu, sakafu na rangi | 18 | 22 | 34 |
| Milango na madirisha | 9 | 10 | 14 |

Safu ya "Kawaida" inajumlika kuwa 100 kamili, na hiyo ndiyo namba ambayo zamani ningeipeleka kwa kamati. Lakini tazama umbali wa kila upande: msingi unaweza kupungua kwa milioni 4 na kuongezeka kwa milioni 12. Nafuu ina kikomo, kwa kuwa saruji haitolewi bure, ilhali balaa lina nafasi ya kupanda. Kila mstari umeegemea juu, na unapoijumlisha mitano, maegemeo hayo nayo yanajumlika.

Kuona matokeo yake hakuhitaji programu ya kununua. Unaujenga mradi ule ule mara elfu kadhaa ndani ya Excel au LibreOffice, na kila mara kila kipengele kinachotewa bei yake kwa bahati nasibu kati ya chini na juu, huku bei zilizo karibu na kawaida zikichotwa mara nyingi zaidi, kwa umbo la pembetatu. (Wazo hili lilimjia mwanahisabati Stanislaw Ulam mwaka 1946, akiwa anapona maradhi na kucheza karata peke yake, na jina la njia hii, Monte Carlo, likatokana na kasino ya Monako.) Vipengele vitano vinakaa kwenye safu B hadi F, chini, kawaida na juu zikiwa mistari ya 2, 3 na 4. Michoto inaanza mstari wa 7. Safu H hadi L zina `=RAND()`, na B7 ina fomula hii, ambayo unainakili hadi F7:

```
=IF(H7<(B$3-B$2)/(B$4-B$2),
 B$2+SQRT(H7*(B$4-B$2)*(B$3-B$2)),
 B$4-SQRT((1-H7)*(B$4-B$2)*(B$4-B$3)))
```

G7 ni `=SUM(B7:F7)`, yaani gharama ya jengo moja la kuigiza. Nakili mstari mzima hadi wa 5006 upate majengo 5000, kisha uliza maswali mawili:

```
=COUNTIF(G7:G5006,"<=100")/5000
=PERCENTILE(G7:G5006,0.8)
```

Swali la kwanza lilinijibu 0.05. Katika majengo 100, takriban matano tu yalikamilika kwa milioni 100 au pungufu. Nilikagua fomula mara tatu kabla ya kuamini. Nusu ya majengo ilizidi milioni 110, manane kati ya kumi yalikwisha ndani ya 116, na tisa kati ya kumi ndani ya 119. Ile asilimia 5 yangu ya dharura ingenifikisha 105, ambako majengo mengi bado hayajakwisha.

Ukibonyeza F9, namba zote zinachotwa upya, na hicho ni kipimo kizuri cha kujua kama michoto inatosha. Nilipojaribu michoto 100, jibu la swali la pili lilirukaruka kwa milioni nzima na zaidi; kwa 5000 lilisogea kwa laki moja au mbili tu, na kwa jengo la aina hii hakuna sababu ya kutaka zaidi ya hapo.

Hapa ndipo nilipokaribia kuharibu kazi. Katika fomula hizo kila kipengele kinachota namba yake, bila habari na mwenzake, kwa hiyo msingi ukipanda, mara nyingi paa linashuka na kufidia. Eneo la ujenzi haliendi hivyo. Dizeli ikipanda, mchanga, kokoto, saruji na usafiri wa mabati vinapanda pamoja, na fundi asiyesimamia vibarua wake kwenye msingi hatawasimamia kwenye lipu. Kuna jaribio rahisi la kuona ukubwa wa tatizo: andika `=$H7` katika I7 hadi L7, ili vipengele vyote vitano vitumie mchoto mmoja, vikipanda pamoja na kushuka pamoja. Katikati hapakubadilika sana, palishuka hadi takriban 108.5, lakini kiwango cha manane kati ya kumi kiliruka kutoka 116 hadi 123, na cha tisa kati ya kumi kutoka 119 hadi 130. Ukweli uko kati ya mafaili hayo mawili, kwa sababu vipengele havijatengana kabisa wala havijafungwa kamba moja. Ninayapeleka yote mawili kwa kamati, na mtu akiniletea mwigo wenye faili moja tu lenye mtawanyiko mwembamba unaopendeza, swali langu la kwanza ni kama bei zake zinajuana.

Muda ulinifundisha jambo jingine, kwa kuwa gharama hujumlishwa lakini muda husubiri. Kuezeka hakuanzi mpaka kuta ziishe, mabati yafike kutoka Dar es Salaam, na mbao za kenchi zifike kutoka Mafinga. Kwa wiki, kuta nilizipa 5, 6 na 10. Mabati 4, 6 na 9. Mbao 3, 5 na 10. Ratiba ya ukutani ilisema kuezeka kunaanza baada ya wiki 6, kwa kuwa hiyo ndiyo kubwa kati ya namba tatu za kawaida. Katika faili nilichota muda wa kila kimoja kisha nikachukua `MAX` badala ya `SUM`. Vyote vitatu vilikuwa tayari ndani ya wiki 6 katika michoto minne hivi kati ya 100. Hata wiki ya 7, ambapo kila kimoja peke yake kina zaidi ya nusu ya uwezekano wa kuwa tayari, vyote kwa pamoja vinafika mara 30 tu kati ya 100, maana inatosha kimoja kuchelewa. Ili uwe na manane kati ya kumi lazima ungoje karibu wiki 8 na nusu. Nilihesabu pia ni kipi kilichofika mwisho katika kila mchoto: kuta, katika kidogo zaidi ya nusu. Mwenyekiti alitaka kuongeza waashi, na hesabu ile ilionyesha kwamba katika karibu nusu ya michoto waashi hao wangemaliza mapema na kukaa wakisubiri lori.

Kisha kuna masika. Tulikubaliana kwamba kuna uwezekano wa asilimia 30 wa barabara kukatika na kutuchelewesha wiki 3 hadi 5, nikaongeza `=IF(RAND()<0.3,3+2*RAND(),0)`. Mchoro wa matokeo ukawa na vilima viwili, kikubwa karibu na wiki ya 7 na kidogo karibu na wiki ya 11 na nusu, na bonde karibu na wiki ya 10. Wastani wake ni wiki 9 kasoro kidogo, nao hausimulii barabara nzima wala barabara iliyokatika. Mchoro ukitoka na vilima viwili, usitoe namba moja. Nilieleza hali mbili, na kamati ikaamua kusafirisha mbao kabla ya Machi na kulipa gharama ya kuzitunza.

Siku ya kikao mwenyekiti aliuliza, "Kwa hiyo mtaalamu, bei ni ngapi?" Nilimjibu kwamba milioni 120 ziko kati ya 116 na 123, na kwamba mtunza hazina aruhusu 110 kwa kazi, zile 10 zibaki zikiwa zimefungwa hadi kamati nzima isaini. Nilisema pia kwamba hesabu hii haijui lolote kuhusu choo cha ziada ambacho mtu angekiomba katikati ya kazi, kwa kuwa hakimo kwenye jedwali. Kiliombwa mwezi wa pili.

Msingi ulipokwisha ulikuwa umegharimu milioni 23. Niliandika 23 katika chini, kawaida na juu, na faili zima likajaa `#DIV/0!`, kwa kuwa fomula inagawanya kwa tofauti ya juu na chini. Kipengele kilichokamilika kinatakiwa kuandikwa kama namba tupu katika safu yake yote. Baada ya kurekebisha, katika faili la michoto iliyotengana, kiwango cha manane kati ya kumi kilisogea kutoka 116 hadi 117, mtawanyiko wa kati ya moja na tisa kati ya kumi ukabana kutoka 102–119 hadi 106–120, na uwezekano wa kumaliza kwa milioni 100 ukawa chini ya mmoja kati ya 100.