Lita moja ya dizeli ni uniti ngapi za umeme, na kwa nini jenereta bado ni ghali?

Swali: "Nina banda la samaki Lindi mjini. Nimesoma kwamba lita 1 ya dizeli ina kWh 10. Nikiinunua kwa shilingi 3,000, uniti inatoka shilingi 300, wakati LUKU inanikata zaidi ya 350. Kwa nini basi kila mtu ananiambia jenereta itanifilisi?"

Ndugu yangu, hesabu yako ya kugawanya ni sahihi, na hiyo kWh 10 pia ni sahihi. Tatizo ni kwamba umelinganisha vitu viwili visivyo vya aina moja, kwa sababu kWh 10 za kwenye lita ni joto litakalopatikana mafuta yakiungua yote, ilhali uniti ya LUKU ni umeme uliokwisha kuzalishwa na kufikishwa mlangoni kwako.

Tuanzie kwenye joto lenyewe. Lita ya dizeli hutoa takriban megajuli 36, na kWh 1 ni megajuli 3.6, ndiyo maana jibu linakuja karibu na 10. Petroli ni nyepesi zaidi, kwa hiyo lita yake ina megajuli 32 hivi, yaani karibu kWh 9. Injini haiwezi kuligeuza joto hilo lote kuwa mzunguko: sehemu kubwa hutoka na moshi kwenye ekzosi, nyingine hupepewa na feni ya rejeta, na kiasi kingine huishia kwenye msuguano na ndani ya alteneta. Gesi ya Mnazi Bay inayoendesha mitambo ya umeme hapa Mtwara nayo hupoteza joto kwa namna hiyo hiyo, ila hasara hiyo imeshahesabiwa kabla uniti haijafika kwenye mita yako; ukiwa na jenereta, mwenye hasara ni wewe.

Mimi ninagandisha barafu ya wavuvi Mikindani na ninatumia jenereta ya dizeli ya kVA 20, ambayo kwa umeme halisi ni kilowati 16. Ili kujua lita yangu inanipa uniti ngapi, nilifunga mita ndogo kwenye waya unaotoka kwenye jenereta, kwa kuwa mita ya LUKU haioni umeme unaoingilia kwenye swichi ya kubadilishia. Kisha nikajaza tenki hadi kwenye alama niliyoichora shingoni, jenereta ikiwa imesimama mahali tambarare, nikaiwasha kwa saa 5, nikaizima na kurudishia mafuta kwa kopo lenye alama za mililita hadi alama ile ile. Usitegemee kijiti cha kupimia wala geji ya tenki, kwa sababu kosa dogo la geji kwenye tenki pana ni lita nzima.

Usiku, mafriza peke yake yakifanya kazi, mita ilisoma kWh 20 na tenki likarudishiwa lita 10. Mchana, mashine ya barafu ikiwa imeungana na mafriza, muda ule ule wa saa 5 ulitoa kWh 58 kwa lita 20. Maana yake ni kwamba lita ile ile yenye kWh 10 za joto ilinipa kWh 2 za umeme usiku na kWh 2.9 mchana. Kwa bei yako ya shilingi 3,000, uniti ya usiku ni shilingi 1,500 na ya mchana ni takriban 1,030, tena kabla ya kuhesabu oili, filta na uchakavu wa injini.

Sasa weka LUKU pembeni yake. Kwa mteja wa kawaida wa biashara ndogo, bei ya msingi ni shilingi 292 kwa uniti, na juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, jumla shilingi 356. Ndiyo sababu ukinunua umeme wa shilingi 1,000 unapata uniti 2.8, ukiacha siku ambayo kodi ya jengo inakatwa. Kwa hiyo jenereta yangu, hata ikiwa na mzigo mzuri, inanigharimu karibu mara tatu ya LUKU, na usiku ni zaidi ya mara nne. Bei ya mafuta iweke ile ya mwezi husika, kwa kuwa EWURA hutoa bei kikomo kila mwezi, na unaposoma jedwali lao tafuta mji wako mwenyewe, usichukue bei ya Dar es Salaam.

Tofauti ya usiku na mchana ndiyo ninayoona inafaa kutazamwa zaidi. Lita 10 za ziada za mchana zilileta kWh 38 za ziada, yaani kWh 3.8 kwa kila lita. Ukirudi nyuma kwa kipimo hicho, zile kWh 20 za usiku zingehitaji lita 5 na ushei tu. Zilizobaki, karibu lita 1 kwa kila saa, zililiwa na injini kwa kujizungusha yenyewe, feni yake na pampu zake. Lita hiyo utailipa hata ukiwasha taa moja. Jenereta kubwa yenye mzigo mdogo ina balaa jingine pia: injini haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, na utaona utomvu mweusi wenye mafuta ukivuja kwenye maungio ya ekzosi. Ukiuona, jua kwamba kipimo chako cha uniti kwa lita kimeshashuka.

Kwa banda lako ningeshauri umeme wa LUKU ukiwepo ugandishe kwa nguvu zote, na ukikatika usiiache jenereta ikinguruma usiku kucha kwa ajili ya friza mbili. Iwashe kwa saa chache vyombo vyote vikiwa vimeungwa pamoja, kisha izime na uyaache mafriza yamefungwa. Mota za friza huvuta umeme mwingi sana zinapoanza, kwa hiyo ziwashe moja baada ya nyingine. Hofu ya mwanzo huo ndiyo inayowafanya wengi wanunue jenereta kubwa kupita mahitaji yao. Vijenereta vya petroli vya dukani sivyo dawa: vingi hutoa kWh 1 hadi 1.8 kwa lita, na petroli ikiwa shilingi 3,000, kWh 1.5 kwa lita ni shilingi 2,000 kwa uniti.

Hesabu yako ya shilingi 300 ina mahali pake, nako ni pale unapotaka joto lenyewe. Anayepika korosho kwa mvuke kabla ya kubangua, akitumia boila la dizeli linalofikisha asilimia 80 ya joto kwenye maji, anapata kWh 8 kwa lita, yaani shilingi 375 kwa kila kWh, karibu sawa na koili ya umeme kwa shilingi 356. Hapo kinachoamua ni bei ya dizeli ya mwezi huo, kwani ikishuka chini ya shilingi 2,850 kwa lita, boila linakuwa nafuu kuliko LUKU.