Kwa mnaoanza Fourier: kinundu cha wimbi la mraba hakiondoki kwa kuongeza hamoniki

Kila mwaka wakiingia watu wapya kwenye mambo ya signali swali ni lilelile, wamejumlisha hamoniki za wimbi la mraba, wameona kinundu kinachochomoza pembeni ya mruko, wameongeza hamoniki kutoka 5 kwenda 50 kwenda 500, na kinundu bado kipo. Halafu wanaanza kusaka bagi kwenye kodi. Jamani hakuna bagi. Naandika hapa taratibu ili ukikutana nacho ujue unaangalia nini na ufanye nini.

Chukua wimbi linalokaa -1 upande wa kushoto wa sifuri na +1 upande wa kulia, halafu linajirudia kila 2π. Mfululizo wake ni 4/π mara jumla ya sin(x) + sin(3x)/3 + sin(5x)/5 na kuendelea, hamoniki za witiri tu. Ukichukua hamoniki N za mwanzo unapata mchoro unaopanda kwa kasi pale kwenye sifuri, unapitiliza 1, unarudi chini, unacheza cheza mpaka unatulia. Hapo kwenye kupitiliza ndo pana kazi.

Kwanza tujue kilele kiko wapi hasa. Mteremko wa jumla hiyo unajifupisha vizuri sana, unakuwa (2/π)·sin(2Nx)/sin(x), na unafika sifuri mara ya kwanza pale x = π/(2N). Basi kilele cha kwanza kipo hapo, kila mara, hata N iwe ngapi. Usikisie kwa macho kwenye grafu, pima hapohapo:

```python
import numpy as np

def wimbi(x, N, sigma=False):
    n = np.arange(1, 2*N, 2)
    w = np.sinc(n/(2*N)) if sigma else np.ones(N)
    return 4/np.pi * np.sum(w*np.sin(n*x)/n)

for N in (1, 3, 5, 100):
    print(N, wimbi(np.pi/(2*N), N))
```

Hamoniki 1 inakupa 1.273, hamoniki 3 zinakupa 1.188, hamoniki 5 zinakupa 1.182, hamoniki 100 zinakupa 1.179. Angalia hizo namba vizuri manake ndo zinadanganya watu, mwanzoni inashuka kweli, kutoka 1.27 hadi 1.19, mtu anasema aah kumbe inapungua, nikiongeza itaisha. Haiishi. Inashuka inagota kwenye 1.17898 na hapo ndo mwisho, ukiweka hamoniki milioni utapata hiyohiyo. Mruko wetu una kimo cha 2, kwa hiyo kupitiliza kwa 0.179 ni kama asilimia 8.95 ya mruko. Kama wimbi lako ni la volti 0 hadi 5, kilele kitafika karibu volti 5.45, na upande wa chini kitazama hadi karibu volti 0.45 chini ya sifuri.

Sasa kwa nini inagota. Weka x = π/(2N) ndani ya jumla uone kinachotokea, kila hamoniki inageuka kuwa kipande chembamba cha eneo chini ya mchoro wa sin(t)/t, kuanzia 0 hadi π, na N inaamua tu umekata vipande vingapi. Ukiongeza N unakata vyembamba zaidi ila eneo ni lilelile. Eneo hilo ni 1.8519, zidisha kwa 2/π unapata 1.179. Yaani kuongeza hamoniki kunakusaidia kulipima hilo eneo kwa usahihi zaidi, hakulipunguzi.

Njia nyingine ya kuona jambo hilohilo: karibu na mruko mchoro mzima unategemea 2Nx kwa pamoja, sio x peke yake. Ukiongeza N mara mbili ni kama kuchukua picha kwenye simu ukaiminya kwa upana tu bila kugusa urefu wake. Kinundu kinasogea karibu na mruko, kinakuwa chembamba nusu, kimo hakiguswi. Ndo maana mwalimu hadanganyi akisema mfululizo unakutana na wimbi. Chagua sehemu yoyote usiihamishe, mfano x = 0.1, mwanzoni N ikikua vinundu vitaipitia hapo, halafu vitakimbilia kwenye mruko viiache, na thamani itatulia kwenye 1. Nishati ya kosa nayo inaenda sifuri kwa sababu kinundu kinakonda. Ila ukiuliza "kosa kubwa kabisa popote pale ni kiasi gani", hilo haliendi sifuri. Ni maswali tofauti na wengi wanayachanganya.

Na kuna maelezo nayapenda kuliko yote, manake ndo yanayokuonyesha dawa. Jumla ya hamoniki N pale x ni sawa na kuchukua wimbi halisi la jirani ya x na kulipigia wastani wa uzito. Uzito huo una nundu kubwa katikati na pembeni yake una mabawa yanayopishana hasi, chanya, hasi. Tatizo lote ni hizo hasi. Ukisimama pale π/(2N), nundu kubwa yote imekaa upande wa +1, na upande wa -1 umeangukiwa na mabawa tu, ambayo jumla yake ni hasi, karibu -0.0895. Uzito wote lazima ujumlike kuwa 1, basi upande wa +1 umebeba 1.0895. Piga hesabu: 1.0895 mara +1, ongeza -0.0895 mara -1, unapata 1.179. Hasi kwa hasi imekuwa chanya na ndo hiyo ikakupitiliza. Huko ndo asilimia 9 ilikotoka.

Watu husema kinundu kipo kwa sababu jumla ya sini zinazopinda taratibu haiwezi kufuata mruko wa ghafla. Hayo ni nusu ya maelezo. Ni kweli haiwezi kuufuata, lazima ichelewe kupanda, lakini kuchelewa sio kupitiliza. Kama uzito usingekuwa na hasi ungechelewa tu na usingevuka 1 hata kidogo.

Kihistoria jambo hili linaitwa kwa jina la Gibbs aliyelieleza kwenye jarida la Nature mwaka 1899, ingawa Wilbraham alikuwa ameshalionyesha mwaka 1848 na halikushika.

Kabla ya dawa, onyo moja la grafu. Ukichora kwa np.linspace(0, np.pi, 200) na N = 1000, kilele kipo π/2000 wakati nukta yako ya kwanza baada ya sifuri ipo π/199, umekiruka kabisa! Grafu itakuonyesha mchoro mzuri usiozidi 1.01 popote na utaapa kinundu kimeisha. Hakijaisha, kimepita katikati ya nukta zako. Kila ukiongeza N ongeza na nukta, angalau kumi ndani ya π/(2N), la sivyo pima kwa kodi ya juu.

Sasa kulainisha. Wazo ni kwamba usizikate hamoniki ghafla, zipunguze nguvu polepole kadri zinavyopanda ili ya mwisho iwe karibu imezimika. Kuna njia mbili zilizopewa majina ya wanahisabati, ya Fejér na ya Lanczos. Fejér anapunguza kwa mstari ulionyooka, hamoniki ya n unaizidisha kwa 1 - n/(2N). Uzito wake hauna hasi hata kidogo, kwa hiyo kupitiliza ni sifuri kamili. Inavutia, ila ina gharama mbili. Mteremko pale kwenye mruko unabaki nusu ya ule wa mwanzo, na mbali na mruko wimbi linachelewa kufika juu. Kwa N = 10, katikati kabisa pale π/2 ambapo ungetegemea 1, Fejér anakupa 0.968. Hapo hakuna mruko karibu na bado una pungufu ya asilimia 3.

Lanczos yeye anazidisha kwa sin(πn/2N) gawanya kwa πn/2N, hizo ndo sigma, na kwenye kodi ni ule mstari wa np.sinc. Maana yake ni rahisi, ni sawa na kuchukua jumla yako ya kawaida na kuipigia wastani kwenye dirisha lenye upana wa π/N, ambao ni wimbi moja zima la yale machezo ya pembeni, kwa hiyo kilima na bonde vinafutana. Ijaribu na sigma=True, ila kilele kimehama, sasa kipo karibu x = 5.15/(2N), ukipima palepale pa zamani utadhani hakipo kabisa. Utapata 1.024 hivi. Kupitiliza kumetoka asilimia 8.95 ya mruko hadi kama 1.2. Mteremko umebaki asilimia 59 ya ule wa mwanzo, yaani umeuza ukali kidogo kuliko kwa Fejér, na kule katikati unapata karibu kabisa na 1. Mimi naanza na Lanczos karibu kila mara, namwendea Fejér pale tu ambapo kuvuka kikomo hakuruhusiwi kabisa, mfano thamani ambayo ikiwa hasi hesabu inayofuata inaharibika.

Ila elewa kwamba ule asilimia 1.2 nao hauondoki ukiongeza N, sababu ni ileile, mchoro uliolainishwa pia unategemea 2Nx. Unachopata kwa kuongeza N baada ya kulainisha ni mruko mkali zaidi. Kwa hiyo ratiba yangu ni hii, chagua kwanza uzito kulingana na kupitiliza unakoweza kuvumilia, halafu ndo upandishe N mpaka ukali wa mruko ukutoshe.

Na ukiwa kwenye benchi na oskiloskopu, sio kila mtikisiko ni Gibbs. Waya mrefu wa ardhi wa probu unaleta mtikisiko baada ya ukingo tu, manake saketi haiwezi kutikisika kabla haijapigwa. Gibbs inatokea pande zote mbili, kabla na baada, kwa kimo kilekile. Ukiona mtikisiko kabla ya ukingo, usiguse saketi kwanza, angalia ni nani amezikata hamoniki ghafla kwenye njia ya data, mara nyingi ni filta ya kidijitali au ule uchoraji wa sini unaounganisha nukta ndani ya oskiloskopu yenyewe.